Sauti Bila Sura

Kwa miaka kadhaa nimeendesha chaneli ya YouTube ambayo watazamaji wake hawajawahi kuniona. Wanachopata ni vitu vitatu: sauti yangu ikisimulia, kioo cha kompyuta yangu kilichorekodiwa nikiwa kazini, na vipande vya video vilivyopigwa na watu wengine, ambavyo mimi huvipakua bure mtandaoni ili kuziba mapengo. Anayetazama juu juu huona video moja. Mimi ninayeihariri najua kwamba vitu hivyo vitatu havibebi imani sawa, na kwamba shaka ya mtazamaji huanza pale ambapo kimoja kimesukumiwa kazi ya kingine.

Kabla ya chaneli nilikuwa mfanyakazi wa saiba karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Kila Juni foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye baraza ya jirani, kwa sababu ritani za ushuru wa mapato za mwaka uliotangulia hufungwa tarehe 30 Juni, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 hata kama hakupata senti. Wengi wa waliopanga foleni walikuwa vijana wenye PIN ya KRA ambao hawajawahi kuajiriwa. Walichohitaji ni ritani ya sifuri, kazi ya dakika chache kwa anayeijua njia. Niliona kwamba njia hiyo inaweza kufundishwa bila mimi kuonekana, na kuonekana sikutaka. Naishi katika mji ambao kila mtu ni jamaa ya mtu, na nilishaona jinsi wanawake wanaojitokeza kwenye kamera wanavyozungumzwa kuhusu mavazi yao badala ya maneno yao.

Nilianza na sauti. Kipaza sauti cha bei nafuu hakina ubaya kikiwekwa kando kidogo ya mdomo, umbali wa shubiri moja, ili pumzi ya herufi kama "p" isikipige moja kwa moja. Kinachoharibu ni chumba. Ukuta mtupu hurudisha sauti, na msikilizaji, hata asipojua kwa nini, huhisi anazungumziwa kutoka mbali. Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, leso na mablanketi yakining'inia pande zote, usiku tuktuk zikishapungua. Kabla ya kusema neno niliacha sekunde kadhaa za kimya zirekodiwe, kwa kuwa Audacity hutumia kimya hicho kutambua mvumo wa chumba na kuupunguza kwenye maneno yote. Upunguze kwa kiasi. Ukizidisha, sauti hugeuka kama ya mtu aliyezama kwenye pipa, na msikilizaji huacha kukuamini kabla hujasema lolote la kutiliwa shaka.

Maandishi ya simulizi nayo yana mwendo wake. Maneno yetu ni marefu, na mimi nikisoma kwa utulivu dakika moja hula maneno 110 hadi 130. Sentensi inayosomeka vizuri kwenye karatasi huweza kuishiwa pumzi mdomoni. Kwa hiyo naandika, nasoma kwa sauti, kisha nakata kila mahali nilipovuta pumzi katikati.

Kurekodi kioo ndiko kuna mambo mengi zaidi, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipo. Natumia OBS Studio. Naikuza tovuti kwenye kivinjari hadi asilimia 150, maana watazamaji wangu wengi wako kwenye simu, na herufi inayosomeka mezani kwangu kwao ni chungu mdogo. Faili naihifadhi kama MKV, si MP4. Stima ikikatika katikati ya kurekodi, MP4 ya kawaida mara nyingi haifunguki tena, lakini MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Baadaye naigeuza kwa amri ya `Remux Recordings`. Nimefungua wasifu wa kivinjari usiotumika kwa jambo lingine, ili barua pepe zangu na maneno ya siri yaliyohifadhiwa yasijitokeze. Arifa zote nazizima, kwani msimbo wa benki unaoibuka pembeni kwa sekunde mbili hubaki kwenye video milele.

Taarifa za kuficha nazifunika kwa kisanduku cheusi, wala siziachi zikiwa na ukungu tu. Ukungu mwepesi huacha umbo la tarakimu. Hata kisanduku huhitaji kufuatiliwa: ukurasa ukisogezwa juu, jina na PIN huhama lakini kisanduku hubaki pale pale. Njia ya kujua ni kupitia sehemu ile picha baada ya picha. Ukiitazama kwa mwendo wa kawaida utajidanganya, kwa kuwa jicho lako tayari linajua kilichofichwa na halikitafuti.

Video ya kwanza iliyoshika ilikuwa ya ritani ya sifuri. Niliingia iTax kwa PIN yangu mwenyewe, nikaandika neno la siri, nikajibu ile hesabu ndogo ya usalama, nikafungua `Returns`, nikachagua `File Nil Return`, kisha `Self`, kisha wajibu wa ushuru wa mapato wa mkazi. Nikaweka kipindi, nikawasilisha, na risiti ikatoka. Sikukata popote kati ya kuwasilisha na risiti. Ukiruka sehemu hiyo, mtazamaji ana haki ya kudhani umeunganisha vitu viwili tofauti. Mwaka ule sikuwa na kipato, kwa hiyo ritani ilikuwa ya kweli, na ilikuwa nafasi moja tu: ritani ya awali ya kipindi hicho ukishaiwasilisha, huwezi kuirudia kwa ajili ya kamera.

Maoni yaliyofuata yalinifundisha imani ya namna hii inajengwa na nini. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Waliandika, "Dada, imekubali," au, "Yangu imekwama kwenye kipindi, nifanyeje?" Mtazamaji alikuwa na kompyuta au simu mbele yake, akabonyeza nilipobonyeza, akaona nilichokiona. Uso wangu usingemwongezea chochote, kwa kuwa hakuwa ananiamini mimi. Alikuwa anaihakiki kazi yenyewe, hatua kwa hatua, na hatua ikikataa alijua papo hapo. Hiyo ndiyo nguvu ya kioo kilichorekodiwa. Anayetazama huchukua ushahidi wake mwenyewe, bure, kabla hajapoteza kitu.

Niliridhika na jibu hilo mpaka kijana mmoja aliponiandikia. Alikuwa ameajiriwa tangu Januari, akaachishwa kazi mwezi wa Aprili, na mwaka ulipoisha alikuwa nyumbani. "Sasa sina kazi," aliandika, "nifuate video hii?" Kila hatua ya video ilikuwa sahihi. Angeifuata, mfumo ungekubali, na angepata risiti kama yangu. Lakini ritani huhesabu mwaka mzima. Alikuwa na mshahara wa miezi ya mwanzo, na mwajiri wake alikwisha kumkata ushuru. Alichotakiwa ni kuchukua fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri huyo na kuwasilisha ritani yenye mapato. Akitangaza sifuri, amesema uongo mbele ya mamlaka, na risiti haitamwambia. Kosa kama hilo huweza kujitokeza baadaye sana, maelezo ya mwajiri yakilinganishwa na yake.

Hapo nikaona mpaka wa kwanza. Rekodi ya kioo inathibitisha kwamba njia inapitika. Haithibitishi kwamba ni njia yako. Saiba kazi hiyo niliifanya bila kuifikiria. Kabla sijagusa kibodi nilikuwa nauliza: "Mwaka jana uliajiriwa hata mwezi mmoja? Una biashara? Una nyumba ya kupangisha?" Mzee mmoja aliwahi kunijibu, "Biashara sina, mwanangu," kisha tulipokuwa tunaendelea akataja vyumba vyake viwili vya Likoni ambavyo wapangaji hulipa kila mwezi. Video haiwezi kumsikia mzee huyo akitaja vyumba vyake. Inaendelea kusema, kwa sauti ile ile ya upole, "Sasa bonyeza hapa."

Nilihariri upya video nzima na kuianza na maswali matatu, huku maandishi makubwa kwenye kioo yakisema nani aachie hapo. Hilo lina gharama. Mchoro wa YouTube Studio unaoonyesha watazamaji wanaobaki ulishuka mapema kuliko video ya kwanza, kwa kuwa baadhi waliambiwa waondoke na wakaondoka. Kwa mujibu wa ushauri wa kawaida wa chaneli, mwanzo unaofukuza watu ni mbaya. Kwangu ule mshuko ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kila aliyetoka pale alikuwa mtu ambaye hatua zangu sahihi zingemfikisha mahali pasipo sahihi.

Mpaka wa pili ulitoka kwenye vile vipande vya kupakua. Tovuti kama Pexels na Pixabay hutoa video za bure zinazoruhusiwa hata kwenye kazi ya biashara, na kwa mtu anayerekodi peke yake ni msaada mkubwa. Tatizo ni kilichomo. Ukitafuta Mombasa utapata ufuo, ngamia na zile pembe za Barabara ya Moi. Karani wa ofisi ya kawaida au mama akilipa kwa simu dukani ni nadra. Ukitafuta Afrika kwa jumla utapata barabara yenye mabasi madogo ya njano, ikavutia macho, na ukaiweka chini ya maneno "gharama za maisha mijini." Mtazamaji wa Kongowea huhitaji nusu sekunde tu. Magari yanapita upande wa kulia. Hiyo ni Lagos, si kwetu tunakopita kushoto. Kosa lenyewe ni dogo, lakini linamwambia kwamba anayesimulia hakuitazama picha yake mwenyewe, na baada ya hapo anaanza kujiuliza ni nini kingine hakukitazama.

Kuna ubaya mkubwa zaidi ya huo. Kipande cha mikono ikihesabu dola, kile cha mchoro wa bei ukipanda, kile cha mwanamume mwenye suti akitabasamu mbele ya kompyuta, vyote viko wazi kwa kila mtu, wakiwemo wanaouza masomo hewa ya kutajirika. Mtazamaji amekwisha kuviona huko. Ukivitumia umevaa sare ya matapeli, hata maneno yako yakiwa safi. Na ukiweka uso wa mtu usiyemjua juu ya hadithi ya "Amina wa Bamburi aliyepata mkopo," umetengeneza shahidi wa uongo. Leseni ya Pexels yenyewe hairuhusu mtu anayetambulika kuonyeshwa kana kwamba anaidhinisha bidhaa yako. YouTube nao wana jicho lao. Kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 kunakupa haki ya kuomba mapato ya matangazo, lakini chaneli yenyewe hukaguliwa, na iliyojaa kazi za wengine bila mchango wako hukataliwa. Nadhani mkaguzi na mtazamaji wanatafuta kitu kimoja: ni wapi katika video hii wewe mwenyewe ulifanya jambo?

Swali hilo nililigeuza kuwa kipimo. Ninahariri kwa DaVinci Resolve, na humo kila kipande kinaweza kupewa rangi. Nilivyorekodi mwenyewe navipaka kijani, vya kupakua navipaka rangi ya machungwa. Nikimaliza, nasogea nyuma na kutazama mstari mzima, kisha nasoma simulizi nikiangalia rangi iliyo juu ya kila sentensi. Machungwa juu ya sentensi ya mapito, kama "Juni ikikaribia, watu huanza kuhangaika," hainisumbui; pale picha inapumzisha jicho tu. Machungwa juu ya dai, yaani sentensi inayomtaka mtazamaji aamini jambo au atoe pesa, ni ishara kwamba sina cha kuonyesha na ninaomba niaminiwe hivi hivi.

Kipimo hicho ndicho kilichonizuia kwenye suala la hati za dhamana za serikali. Benki Kuu ya Kenya ilipoanzisha mfumo wa DhowCSD mwaka 2023, mtu wa kawaida aliweza kujisajili kwa simu na kuomba bondi kuanzia Sh50,000. Watazamaji waliniomba video mbili. Ya kwanza ilikuwa jinsi ya kujisajili. Hiyo niliifanya, na mstari ulikuwa karibu wote kijani: ukurasa, fomu, picha ya kitambulisho iliyofunikwa, ujumbe wa kukubaliwa. Ya pili ilikuwa, kwa maneno yao, "Dada, tuambie tununue ipi." Niliandika simulizi, nikairekodi kabatini, na sauti ikatoka nzuri kuliko nyingi zangu. Nilipokaa kuweka picha nikakuta kwamba kuanzia dakika ya pili hadi mwisho mstari ungekuwa machungwa mtupu. Sarafu, saa inayozunguka, familia ya wageni kwenye sofa nyeupe. Sikuwa na bondi hata moja. Sikuwa na kioo cha kuonyesha, kwa kuwa sikuwa nimelifanya jambo lenyewe.

Hata ningekuwa nayo, kijani isingetosha. Bondi hulipa riba kila baada ya miezi sita, na mtaji hurudi baada ya miaka. Aliyebonyeza nilipobonyeza hapati jibu papo hapo kama yule wa ritani. Atajua kama nilimshauri vyema wakati ambapo huenda chaneli imefungwa na jina lake limebadilishwa. Mtu anayeulizwa ushauri wa namna hiyo anatakiwa awe na mahali pa kupatikana, jina la kutajwa, na kitu cha kupoteza akikosea. Saiba nilikuwa navyo vyote. Mteja akirudi na barua ya faini alijua kiti changu kilipo, na mwenye duka alijua nyumbani kwetu. Mtandaoni nina sauti tu. Video ile sikuitoa.

Na hata hiyo sauti ina wenye kuitamani. Mwaka mmoja, msimu wa ritani ulipopamba moto, akaunti yenye picha ya chaneli yangu na jina linalofanana na langu ilianza kujibu maoni ya watazamaji, ikiwapa nambari ya WhatsApp na kuahidi kuwafanyia kazi kwa malipo kidogo. Ilihitaji pia neno lao la siri. Chaneli yenye uso huibiwa hivyo hivyo, lakini ya kwangu ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa hapakuwa na cha kulinganisha zaidi ya picha ya mviringo. Mama mmoja alikuwa mwerevu kuliko sote. Alimwandikia tapeli, "Nitumie sauti nijue ni wewe," na tapeli akakata mazungumzo. Ndiye aliyenitahadharisha. Tangu hapo kila video ina sentensi ile ile, kwa sauti yangu, kwamba sina nambari ya WhatsApp ya kazi na sitamwomba mtu neno la siri. Maoni yenye viungo au nambari yanazuiliwa hadi niyapitie, na nimewafundisha watazamaji kwamba jibu langu la kweli hubeba jina la chaneli lenye kivuli nyuma yake, jambo ambalo akaunti ya kuiga haiwezi kulipata.

Wapo walioniambia, "Jionyeshe tu, mambo yaishe." Sidhani yangeisha. Watu wengi wamepoteza akiba kwa matapeli wenye nyuso nzuri, majina kamili na magari ya kukodi. Uso huwapa watazamaji mazoea, na mazoea yanafanana na imani bila kuwa imani. Kinachowalinda ni uwezo wa kuhakiki, na pale ambapo kuhakiki hakuwezekani, ni kuwepo kwa mtu wa kuwajibika. Uso peke yake hautoi hata kimoja. Vinavyosaidia zaidi ni vidogo na havipendezi: tarehe ya kurekodi kwenye pembe ya kioo, ili mtu ajue kama tovuti imebadilika, marekebisho yaliyobandikwa juu ya maoni badala ya kufutwa kimyakimya, na kutaja waziwazi ni kipi nimefanya na kipi nimesoma tu.

Chaneli ilipoanza kulipa, mpaka ukanigeukia mwenyewe. Mapato ya matangazo ni mapato. Kuanzia mwaka huo sikuweza tena kuwasilisha sifuri kwa uaminifu, kwa hiyo sikuweza kurekodi akaunti yangu kwa video ile ile iliyonipa wafuasi. Ningeweza kurudia picha za zamani na kuweka sauti mpya, wengi wasingejua. Badala yake nilimwomba mdogo wangu, mwanafunzi asiye na kipato, tukae pamoja, nikamuuliza yale maswali matatu kama mteja mwingine yeyote, na alipojibu nikarekodi ritani yake kwa idhini yake. Kwenye simulizi nilisema kwamba akaunti si yangu, na kwa nini. Maoni mengi mwaka ule yalikuwa kuhusu sentensi hiyo, kutoka kwa watu wenye vibanda na kurasa za kuuza nguo ambao hawakuwa wamejua kwamba nao wametoka kwenye sifuri.

Sasa ombi la video likija, hujiuliza jambo moja kwanza: mtazamaji anaweza kunihakiki mwenyewe kabla hajapoteza kitu? Akiweza, sauti na kioo vinatosha, na sioni haja ya kumletea uso. Asipoweza, kwa kuwa jibu linategemea hali yake au litakuja baada ya miaka, namwonyesha hadi pale kioo kinapofika, kisha namwelekeza kwa mtu anayeweza kumkalia mbele: dawati la KRA kwenye Huduma Centre, au wakala wa ushuru mwenye leseni na ofisi. Wapo wanaolalamika kwamba video zangu huishia njiani. Huishia njiani kweli, na mahali zinapoishia huwa nimepataja kwa sauti.